Ahadi ya kufunga mwamba: uchambuzi wa maneno yaliyoandikwa ili yasemwe na watu wengi kwa pamoja

Kisa hiki kinahusu kijiji kimoja cha pwani ya wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, ambacho wakazi wake walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu ili pweza wapate nafasi ya kukua. Utaratibu wenyewe unafahamika katika pwani ya kusini. Pweza wa miamba hukua upesi mno, na mwamba ukiachwa bila kuguswa kwa muda huo, wale waliokuwa wadogo siku ya kufunga hutoka wakiwa na uzito wa kuuzika. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho watu wote wa pwani wanakiita BMU, kilikuwa na sheria ndogo zilizokwishapitishwa, kilikuwa na maboya ya kuonyesha mpaka, na kilikuwa na ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Kamati ilichotaka zaidi ni ahadi ambayo watu wote wangeisema kwa sauti siku ya kufunga, mstari kwa mstari, wakimfuata kiongozi mmoja. Niliombwa nisaidie kuyapanga maneno hayo, na hapa naeleza yalivyokuwa, yalivyobadilishwa, na sababu ya kila badiliko.

Rasimu ya kwanza ilikuwa imeandikwa na katibu kwa mkono mzuri, katika kitabu kilekile cha kumbukumbu za mikutano. Ilisomeka hivi:

"Mimi ……………, mkazi wa kijiji hiki, kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu yeyote, naahidi kwamba katika kipindi chote cha miezi mitatu ambapo eneo tengefu lililotajwa katika kumbukumbu za mkutano mkuu litakuwa limefungwa, sitavua pweza, sitamtuma wala kumruhusu mtu mwingine yeyote kuvua katika eneo hilo, isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha kamati, na endapo nitakiuka nitakuwa tayari kuchukuliwa hatua kwa mujibu wa sheria ndogo za kijiji."

Kama hati ya kutiwa saini, sina la kuilaumu rasimu hiyo. Imetaja hiari, muda, eneo, kosa na adhabu. Tatizo ni kwamba ilikusudiwa kusemwa na watu zaidi ya mia waliosimama mchangani, wengi wao wakiwa kina mama waliotoka kazini, baadhi wakiwa hawajui kusoma, na upepo wa kusi ukivuma. Mtu anayesoma huweza kurudi nyuma akatafuta kitenzi kilikoanzia. Mtu anayerudisha maneno ya kiongozi hana pa kurudi: anashika kile alichokisikia mara moja, anakitoa mdomoni, kisha anakiacha ili apokee kinachofuata.

Jambo la kwanza, basi, lilikuwa ni kujua mtu anaweza kushika kiasi gani kwa mara moja. Hapa Kiswahili kina kipimo chake cha zamani. Mstari wa utenzi una mizani nane, na mstari wa shairi la kawaida una kumi na sita zilizokatwa katikati, nane kwa nane. Masikio ya watu wa pwani yamelelewa na kipimo hicho tangu utotoni, kwenye kaswida, kwenye nyimbo za unyago na katika mashairi ya redioni. Kipande cha mizani saba hadi kumi hutamkwa taratibu kwa takriban sekunde mbili, nacho hurudi kizima bila kupotea neno. Kikifika kumi na nne hivi, neno moja la katikati humezwa. Kikizidi hapo, kundi hugawanyika, walio mbele wakimaliza sentensi na walio nyuma wakinung'unika tu mpaka wasikie neno la mwisho ambalo wote wanalijua. Ahadi si shairi, na sikupendekeza vina, kwa sababu vina vya kulazimisha huwafanya watu wacheke au waanze kuimba. Nilichochukua kutoka kwa utenzi ni urefu wa pumzi.

Kabla ya kuandika chochote kipya, tuliketi chini ya mwembe na kina mama watatu wanaovua pweza kwa miguu maji yakipwa, nikawaomba warudishe rasimu ya katibu kwa vipande alivyovikata yeye mwenyewe. Mkubwa wao, ambaye hakuwahi kusoma shule, alirudisha vizuri mpaka kwenye "ambapo eneo tengefu lililotajwa", akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hapo umenikata pumzi. Hilo tengefu ndiyo mwamba wetu?" Mwenzake alikuwa amerudisha "eneo" peke yake na kuliacha neno lililofuata bila kujua kama ameliacha. Hili ndilo jaribio ambalo naliamini kuliko ushauri wa mwandishi yeyote. Usimuulize mtu kama mstari unaeleweka, maana atakujibu kwa adabu kwamba unaeleweka. Mtamkie mara moja, kwa kasi ileile itakayotumika siku yenyewe, umsikilize anavyourudisha. Neno alilolibadilisha bila kukusudia ndilo neno lake, nalo ndilo linalofaa kuandikwa. Ndivyo "eneo tengefu" lilivyogeuka kuwa "mwamba huu".

Jambo la pili lilichukua muda mwingi kuliko yote, nalo ni ukanushaji. Moyo wa ahadi hii ni kutofanya jambo, na rasimu ilitumia "sitavua". Tamka "sitavua" na "nitavua" kwa sauti moja baada ya nyingine, halafu fikiria watu mia wakiyatamka bila kuanza kwa wakati mmoja. Tofauti yote imebebwa na konsonanti moja mwanzoni mwa neno, yaani mahali penyewe ambapo kundi huwa halijakaa sawa, na sauti ya "s" ni nyepesi, hupotea upepo ukivuma na hugeuka mkwaruzo kwenye kipaza sauti kibovu. Mtu aliyesimama pembeni angeweza kusikia kijiji kizima kikiahidi kuvua. Vilevile, kijana anayetaka kukwepa anaweza kusema "nitavua" katikati ya wenzake na asigundulike.

Njia ya kutoka tuliipata ndani ya sarufi yenyewe. Ukanushaji wa wakati uliopo hubadilisha vitenzi vya Kibantu pande mbili, mwanzo na mwisho: "navua" inakuwa "sivui", "natuma" inakuwa "situmi", "nanunua" inakuwa "sinunui". Hata mwanzo ukimezwa na upepo, irabu ya mwisho inabaki kutoa ushahidi, na mwisho wa mstari ndipo kundi huwa limeshakutana na sauti zimekuwa moja. Maana haipotei, kwa sababu "sivui" katika kinywa cha mtu anayeahidi hubeba leo na siku zinazofuata. Kuna mpaka wa kuangaliwa hapa. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwishoni, hivyo "siruhusu" haipati faida hiyo, na ndiyo sababu "kumruhusu mtu" iliondolewa ikawekwa "situmi mtu". Pale ilipowezekana tuligeuza katazo likawa tendo la kawaida lisilo na ukanushaji wowote: badala ya kusema hataingia, mtu anasema atakaa nje ya boya. Tendo hilo linaonekana kwa macho, na mlinzi aliye ufukweni anaweza kulithibitisha akiwa mbali.

Jambo la tatu lilikuwa mahali pa kukata. Kila mstari katika ahadi ya kurudisha husimama peke yake kwa sekunde chache, ukining'inia hewani kabla ya ule unaofuata, na katika sekunde hizo ni lazima uwe wa kweli. Katibu alikuwa amekata hivi: "sitamtuma wala kumruhusu" / "mtu mwingine yeyote kuvua" / "katika eneo hilo isipokuwa" / "kwa kibali cha maandishi". Kipande cha pili, kikisikika chenyewe, hakikatazi kitu. Cha tatu kinaishia kwenye neno linalofungua mlango na kuuacha wazi. Ndipo tulipokubaliana kwamba masharti yote ya "isipokuwa", "endapo" na "ila" yabaki katika sheria ndogo, ambako yanasomwa na kutafsiriwa na kamati, na mdomoni mwa watu yawekwe yale tu yasiyo na mlango wa pembeni. Mzee mmoja wa kamati hakuridhika mara moja. Alihoji kama ahadi isiyotaja kibali haitawafunga hata watafiti na walinzi wanaoingia kuhesabu pweza. Hoja yake ilikuwa nzuri, na jibu lake ni kwamba walinzi hawaingii kuvua, na ahadi mpya inazungumzia kuvua, kutuma na kununua. Kuhusu kukaa nje ya boya, kamati iliamua walinzi waisikilize ahadi bila kuirudisha, kwa kuwa wao wana zamu zao.

Muda nao ulileta mjadala. "Miezi mitatu" inaonekana ni maneno mepesi, lakini pwani mtu huhesabu miezi kwa njia mbili. Miezi mitatu ya kuandama ni pungufu ya ile ya kalenda kwa siku mbili tatu, na siku mbili tatu za bamvua, maji yanapopwa kupita kawaida, ni nyingi sana kwa mtu anayeusubiri mwamba kwa hamu. Zaidi ya hayo, siku ya kufungua huchaguliwa ili iangukie maji ya bamvua, hivyo inaweza kusogezwa. Tukaacha kutaja idadi, tukaufunga muda kwa tukio ambalo wote wataliona.

Kuhusu adhabu, baadhi walitaka kiwango cha faini kitajwe ili watu waogope. Nilishauri kisitajwe, kwa sababu faini hupata nguvu yake kutoka kwa sheria ndogo, na sheria ndogo za kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, huhitaji kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kiwango kikibadilishwa huko, ahadi iliyokaririwa na watu itabaki na kiwango cha zamani, na mkosaji atajitetea kwacho.

Baki ilikuwa namna ya kumtaja Mungu, na hapa kamati ilifanya vyema kumshirikisha imamu pamoja na mzee wa kanisa. Rasimu mojawapo iliyopendekezwa na vijana ilianza kwa "naapa kwa Mwenyezi Mungu". Imamu alieleza kwamba kiapo cha namna hiyo kikivunjwa kina kafara yake kwa Mwislamu, ambayo ni kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu, na akauliza kama kamati iko tayari kumbebesha kila mtu mzigo huo kwa ajili ya pweza mmoja atakayeokotwa na mtoto. Wakakubaliana kwamba watu waahidi, na mwishoni waombe msaada wa Mungu kwa maneno yanayotamkika na Waislamu na Wakristo sawasawa, kama yale ambayo Watanzania wamezoea kuyasikia viongozi wao wanapoapishwa.

Maandishi ya mwisho yalikuwa haya:

Mimi … (kila mtu ataje jina lake)
mkazi wa kijiji hiki
naahidi kwa hiari yangu.

Mwamba huu umefungwa.
Nitakaa nje ya boya.
Bamvua na maji mafu.
Mchana na usiku.

Mle ndani sivui.
Mle ndani situmi mtu.
Cha mle sinunui.

Nikiona, nitasema.
Nitasema kwa kamati.
Nikivunja, nitalipa.

Mpaka mwamba ufunguliwe.
Mwenyezi Mungu nisaidie.

Hesabu ya mizani inaonekana vizuri katika mstari wa nne: mwa-mba hu-u u-me-fu-ngwa, nane kamili. "Nikiona, nitasema" nao una nane, nne kila upande, na ndiyo sababu ulirudishwa kwa nguvu kuliko yote hata wakati wa majaribio. Mistari mingine inapungua au kuzidi kidogo, nami sikutaka kuilazimisha ilingane. Mstari mfupi kama "Mchana na usiku" huwapa watu pumzi kabla ya kundi la makatazo. Mstari wa bamvua na maji mafu una kazi maalumu: kina mama huvua wakati wa bamvua, mwamba unapokauka, na vijana wazamiaji hawana haja ya kungoja maji yapwe kiasi hicho. Kila upande ulikuwa ukidhani kwamba katazo linamhusu mwenzake, na mstari mmoja umewashika wote.

Katika makatazo tuliweka mahali kwanza na kitenzi baadaye, ili sauti ya kundi itue juu ya neno lenye uzito. Ukiandika "sivui mle ndani", nguvu inaishia kwenye "ndani", na kitenzi, ambacho ndicho ahadi, kinapita watu wakiwa bado wanaokota pumzi. Kwa sababu hiyohiyo hakuna mstari unaoishia na "hilo", "huo" au "yeyote".

Kiongozi wa kutamka alichaguliwa kwa sauti, si kwa cheo. Mwenyekiti alikubali bila kinyongo, akabaki na kazi ya kufungua na kufunga shughuli. Aliyechaguliwa ni mama mwenye uzoefu wa kuongoza nyimbo harusini, na maagizo aliyopewa yalikuwa machache. Maelezo yote yatolewe kabla ya neno "Mimi", kwa sababu baada ya hapo watu hurudisha kila kinachosemwa, yakiwemo "semeni kwa nguvu" na "taja jina lako". Wengi wetu tumeshuhudia umati ukijiita "taja jina lako" kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo aliwaambia mapema: "Nikisema 'Mimi' na kuinua mkono, semeni 'Mimi' na majina yenu mawili, hapohapo." Kisha angoje. Majina hayana urefu mmoja, na kelele ya majina mia huchukua kama sekunde tatu kutulia. Mstari wa pili ukianza kabla ya hapo, nusu ya watu wataukosa na ahadi itachechemea mpaka mwisho. Baada ya kila mstari akiondoe kipaza sauti mdomoni na asirudie pamoja na watu, kwa sababu wakiisikia sauti yake juu ya sauti zao huacha kusema na kuanza kumsikiliza. Tena asianze mstari mpya mpaka sauti ya mwisho ya nyuma imalizike. Hati yake iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, mstari mmoja kwa mstari mmoja, bila sentensi yoyote kuvuka kwenda upande wa pili.

Siku ya kufunga, ahadi nzima ilichukua zaidi kidogo ya dakika moja. Majina yalitulia, mistari ilirudi mizima, na "sivui" ilisikika mpaka kwenye mashua zilizokuwa zimetia nanga. Jambo moja lilijitokeza ambalo kamati ililinukuu. Katika "Cha mle sinunui" sauti ilipungua upande wa kulia, walikosimama wachuuzi na wakala wa kununua pweza, kisha ikapanda tena katika "Nikiona, nitasema". Mstari ukipungua mahali pamoja tu na kwa kundi moja tu, shida haiko katika maneno. Hao waliuelewa vizuri na hawakuwa tayari kuusema. Jioni hiyo wajumbe wawili waliwaendea, na ikabainika kwamba mmoja wao alikuwa ameshatoa fedha za awali kwa wazamiaji wanne kwa mzigo wa mwezi uliofuata. Jambo hilo lilishughulikiwa na kamati.

Ahadi ya pamoja, hata ikiandikwa vizuri namna gani, haithibitishi kwamba mtu fulani aliisema. Aliyenyamaza amefichwa na sauti za jirani zake. Kwa hiyo rasimu ndefu ya katibu haikutupwa. Iliwekwa mwanzoni mwa daftari, na baada ya shughuli kila mvuvi alisomewa kisha akatia saini au dole gumba mbele ya jina lake. Hapo "isipokuwa" na "kwa mujibu wa" vina nafasi yake halali, kwa kuwa anayesomewa anaweza kuuliza swali na kujibiwa. Mabishano yakitokea, kamati hutumia daftari.

Kwa ufungaji uliofuata kamati iliamua kwamba wanunuzi wasimame mbele peke yao baada ya wavuvi, na wawe na mistari yao. Niliwaandikia mitatu tu, na wa pili umechukuliwa kutoka kwenye kanuni za uvuvi zinazokataza pweza wa chini ya gramu 500, ili katazo hilo liendelee hata mwamba ukishafunguliwa:

Cha mle sinunui.
Chini ya nusu kilo, sipimi.
Fedha ya mbele sitoi.